Nusu saa kabla dirisha halijafungwa: kipi urekebishe kwenye andiko la mradi, kipi ukiache

*"Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa huku Ilemela, Mwanza. Kila tukiomba ruzuku, makosa yanaibuka nusu saa ya mwisho: huyu kaona tahajia, huyu kaona bajeti haiendani na maelezo, mwingine anataka sura nzima iandikwe upya. Muda hautoshi kwa yote. Nitajuaje kipi nirekebishe na kipi nikiache kama kilivyo?"*

Ndugu Katibu, dakika hizo msipange makosa kwa kuangalia lipi linakera macho zaidi. Kwa kila kosa jiulizeni maswali mawili tu. La kwanza: likibaki, nani atakutana nalo, na mtu huyo atafanya nini? La pili: tukiligusa, ni sehemu ngapi nyingine zitalazimika kubadilika pamoja nalo? Swali la kwanza linakwambia uzito wa kosa, la pili linakwambia gharama ya kulitibu. Watu wengi huuliza la kwanza na kusahau la pili, na hapo ndipo andiko lililokuwa zima linaharibika dakika tano kabla ya kufungwa.

Ili swali la kwanza lijibike, inabidi ujue andiko linasomwaje likishafika. Kwa wafadhili wengi halisomwi mara moja na mtu mmoja. Kwanza kuna uhakiki wa awali. Hapo anakaa ofisa mwenye orodha, na kazi yake ni kuweka alama ya ndiyo au hapana: cheti cha usajili kipo, barua imesainiwa, kiasi kinachoombwa hakizidi ukomo, fomu imejazwa yote, viambatisho vinafunguka. Ofisa huyo hapimi ubora wa wazo lenu. Penye hapana kwenye kitu cha lazima, andiko linawekwa pembeni na hakuna atakayesoma habari za dagaa wenu. Yakishapita hapo ndipo maandiko yanakwenda kwa jopo, nalo linatoa alama kwa kila sehemu kufuata mwongozo wa wito, yaani tangazo la mfadhili la kukaribisha maombi. Mwishoni bajeti inapitiwa kwa kina, na hatua hiyo mara nyingi inakuja na maswali ambayo mwombaji anapewa nafasi ya kuyajibu.

Kwa hiyo kosa linalokutwa kwenye uhakiki wa awali linaua, kosa linalokutwa na jopo linapunguza alama, na baadhi ya makosa ya bajeti yanaweza kusahihishwa baadaye kwa maandishi. Tahajia iko mbali sana huko nyuma. Nimekaa kwenye majopo ya kusoma maandiko, na sijaona andiko lililoanguka kwa sababu ya herufi iliyorukwa. Nimeona yaliyowekwa pembeni kwa sababu ukurasa wa saini ulikuwa mtupu.

Tuchukue mfano nilioubuni mwenyewe, unaofanana na kazi yenu. Kikundi cha wanawake 60 Kayenze wanaomba fedha za vichanja vya kukaushia dagaa ili waache kuanika mchangani. Dirisha linafungwa saa 17:00 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani saa 11 jioni. Saa 10:30 andiko liko tayari kwenye kompyuta, na watu watano wamezunguka meza. Yanatajwa makosa saba: barua ya maombi haijasainiwa na mwenyekiti, faili la PDF lina MB 14 na mfumo unapokea mwisho MB 10, maelezo yanasema wanawake 60 watafundishwa lakini bajeti inahesabu 50, jina la mfadhili wa mwaka jana limebaki ukurasa wa 6, sehemu ya vihatarishi ina kichwa cha habari tu, chini yake hakuna kitu, ratiba inapanga zoezi la kukausha wakati wa mbalamwezi, na utangulizi, kwa maneno ya mmoja wao, "hauna ladha".

Kabla ya kugusa hata moja, pakieni kwenye mfumo kile mlicho nacho. Fomu ijazwe, viambatisho vinavyokubalika viwekwe, mhifadhi kama rasimu. Hii inakula dakika sita au saba na watu huona ni kupoteza muda, lakini ndiyo inayofichua makosa ambayo hakuna aliyeyaona kwenye karatasi: kisanduku chenye ukomo wa herufi ambacho kimekata aya katikati, kiambatisho cha lazima ambacho hamkukijua, faili linalokataliwa kwa ukubwa. Baada ya kubandika maelezo kwenye kila kisanduku, nenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho uone kama imefika nukta. Mifumo mingine inakukatalia waziwazi, mingine inakata kimyakimya.

Hapo hapo angalieni jambo moja linaloamua mwenendo wote uliobaki: ukishabonyeza kitufe cha kuwasilisha, je, mfumo unaruhusu kurudi na kubadilisha hadi muda ufike, au unafunga palepale? Kwa kawaida maelezo yapo kwenye mwongozo wa wito au kwenye ukurasa wenyewe wa kuwasilisha. Kama unaruhusu, wasilisheni mapema hata likiwa na kasoro, kisha mrekebishe juu yake. Kama unafunga, bakini kwenye rasimu na mpange kubonyeza saa 10:50, si saa 10:58. Dakika kumi hizo ni za umeme kukatika, bando kuisha, mfumo kukutoa na kukudai nywila upya, au kuzidiwa kwa sababu waombaji wengine nao wamengoja mwisho. Kompyuta iwe na chaji na simu ya mtu mmoja iwe tayari kurusha intaneti.

Sasa turudi kwenye saba zetu. Barua isiyosainiwa inaanza, na inaanza kwa sababu inamtegemea mtu asiyekuwepo. Mwenyekiti yuko Kayenze, nanyi mko mjini. Mtu mmoja apewe kazi hiyo peke yake: ampigie, amtumie barua, mwenyekiti aichapishe stendi au duka lolote lenye printa, asaini, agonge muhuri kama anao, apige picha kwenye mwanga mzuri karatasi ikiwa imelala mezani, airudishe WhatsApp kama hati na si kama picha, kwa sababu picha za WhatsApp hubanwa na maandishi madogo ya muhuri huweza kufifia. Kazi hii inaweza kuchukua dakika kumi na tano ambazo nyie hamzidhibiti, kwa hiyo lazima iendelee huku mengine yakifanyika. Kosa ambalo dawa yake iko mikononi mwa mtu mwingine huanza kwanza hata kama si zito kuliko yote. Na mtu asishawishike kukata saini ya mwenyekiti kutoka barua ya zamani na kuibandika. Hiyo si njia ya mkato, ni kughushi, na ikigundulika inakifuata kikundi kwa wafadhili wengine.

Ukubwa wa faili ni kosa la uhakiki wa awali, lakini dawa yake ni nyepesi. MB 14 karibu siku zote ni picha za simu. Kwenye Word, unapohifadhi kama PDF chagua `Minimum size (publishing online)`. Isipotosha, bofya picha moja, ingia `Compress Pictures`, toa alama kwenye `Apply only to this picture` ili zibanwe zote, kisha hifadhi tena. Ikibaki kubwa, ondoa picha za viambatisho na uache mbili zinazoonyesha dagaa mchangani na dagaa kwenye kichanja. Hakuna jopo linalotoa alama kwa picha ya nane. Fungua PDF mpya uhakikishe jedwali la bajeti linasomeka, maana faili lililobanwa kupita kiasi hugeuza tarakimu za picha zilizoskaniwa kuwa ukungu.

Kosa la tatu ndilo nataka tukae nalo, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi hujikwaa. Bajeti ya mfano wetu iko hivi: vichanja 40 kwa Sh 450,000 ni Sh 18,000,000, maturubai 40 ya kufunikia mvua kwa Sh 60,000 ni Sh 2,400,000, mafunzo ya watu 50 kwa siku 3 kwa Sh 25,000 ni Sh 3,750,000, mizani 2 kwa Sh 350,000 ni Sh 700,000, ukarabati wa stoo ni Sh 9,000,000, ufuatiliaji miezi 12 kwa Sh 300,000 ni Sh 3,600,000. Jumla ndogo ni Sh 37,450,000. Gharama za uendeshaji asilimia 10 ni Sh 3,745,000, na jumla kuu Sh 41,195,000.

Mtu anasema, "Si unabadilisha tu 50 iwe 60?" Fuatilia kinachotokea. Mafunzo yanapanda hadi Sh 4,500,000. Jumla ndogo inakuwa Sh 38,200,000, uendeshaji Sh 3,820,000, na jumla kuu Sh 42,020,000. Jedwali la Excel litajibadilisha lenyewe, hilo halina shida. Lakini ile Sh 41,195,000 imeandikwa pia kwenye kisanduku cha fomu, kwenye muhtasari, na kwenye barua ya maombi ambayo mwenyekiti anaisaini Kayenze sasa hivi. Kama kuna jedwali la matumizi kwa kila robo mwaka, nalo linabadilika. Tarakimu moja imezaa masahihisho matano, na mkisahau moja mtakuwa mmeondoa mgongano wa watu kumi na kuingiza mgongano wa Sh 825,000. Ofisa wa uhakiki anaweza asione tofauti ya 50 na 60 iliyofichwa kwenye mstari wa mafunzo. Jumla mbili tofauti, moja kwenye fomu na nyingine kwenye barua, ataziona bila kutafuta.

Kwa hiyo mgongano huu unatibiwa kwa kugusa upande wenye matawi machache, yaani sehemu chache za kubadilisha pamoja nao, nao ni upande wa maneno. Mpigie mwenyekiti aliye kwenye simu tayari, ulizeni: je, kikundi kinaweza kufundisha watu 50 darasani, na hao 50 wawafundishe 10 waliobaki kwenye vichanja? Akikubali, sentensi moja inaingia kwenye maelezo: *Wanufaika wa mradi ni wanawake 60, mafunzo ya siku 3 yatatolewa kwa 50, nao watawaelekeza 10 waliobaki kwa vitendo kwenye vichanja vyao.* Bajeti haijaguswa, jumla haijaguswa, barua haijaguswa. Lakini iwe ni uamuzi wa kweli ambao kikundi kitautekeleza, maana mkipata fedha hiyo sentensi ndiyo mtakayodaiwa kwenye ripoti. Kama mwenyekiti anakataa na lazima wote 60 wakae darasani, basi badilisheni bajeti na mfuate matawi yote matano mkiwa na orodha mezani, mtu mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiweka tiki.

Na hapa niwatahadharishe kuhusu amri ya kubadilisha yote kwa mpigo. Kwenye Word ukibonyeza `Ctrl+H`, ukaandika 50 iwe 60, kisha `Replace All`, utapata watu 60 kama ulivyotaka, lakini kila Sh 450,000 kwenye andiko itakuwa Sh 460,000, na hakuna kitakachokuonya. Tumia `Ctrl+F`, pitia mojamoja kwa macho.

Hukumu ingegeuka kama jumla yenyewe ingekuwa na kosa. Hili hutokea sana pale mtu anapoongeza mstari wa mwisho kwenye jedwali baada ya fomula kuwekwa. Bofya kiini cha jumla usome fomula juu. Ukikuta hivi ilhali vipengele vyako vinaishia mstari wa 7:

```
=SUM(F2:F6)
```

basi ufuatiliaji wa Sh 3,600,000 haujahesabiwa, na andiko lote linatangaza Sh 37,235,000 badala ya Sh 41,195,000. Kosa lingine la aina hiyo ni tarakimu iliyoingia kama maneno, labda kwa sababu mtu aliandika "3,600,000/=" ndani ya kiini. Fomula ya jumla inairuka bila kulalamika. Kuligundua, andika kwenye kiini chochote kilicho wazi:

```
=COUNT(F2:F7)
```

Ikileta 6, zote ni tarakimu. Ikileta 5, kuna moja ambayo Excel haiioni kama namba. Hakiki hii inachukua nusu dakika na ningeifanya hata kama hakuna aliyelalamikia bajeti.

Jumla ikiwa na kosa hakuna kuacha. Rekebisheni kila mahali inapotajwa, barua ikiwemo, hata kama itakula dakika zote zilizobaki. Kwa kuwa jumla imeshafunguliwa na matawi yote yanapitiwa, hapo ndipo inafaa pia kubadilisha 50 kuwa 60 kwenye mstari wa mafunzo, kwa sababu gharama ya kufuata matawi mmeshailipa. Mwenyekiti asipopatikana kusaini barua mpya, tumieni iliyopo na muweke mstari chini ya bajeti: kiasi sahihi kinachoombwa ni hiki, na kilichotajwa kwenye barua kina kosa la hesabu. Mstari huo hauna uzuri wowote, lakini unamwambia msomaji ni kipi cha kushika. (Siku nyingine, kama wito haudai, barua ya maombi isitaje kiasi kabisa. Iseme "kama ilivyoainishwa kwenye bajeti iliyoambatishwa". Tawi moja limeondoka.)

Jina la mfadhili mwingine ukurasa wa 6 ni la kufuta bila mjadala. Ni sekunde chache, halina matawi, na msomaji akilikuta anajua andiko limenakiliwa. Tafuteni kwa `Ctrl+F` jina kamili, kisha kifupisho chake, na muangalie vichwa vya juu na vya chini vya kurasa, ambavyo macho huruka.

Sehemu ya vihatarishi iliyo tupu ni kazi yenye faida kubwa kuliko zote zilizobaki. Fikiria jopo linalotoa alama hadi 10 kwa sehemu hiyo. Ikiwa tupu ni sifuri, na hakuna mjumbe anayeweza kuwahurumia. Sentensi nne za kweli zinaweza kuwapa nusu ya alama au zaidi. Utangulizi mzuri unaopambwa uwe mzuri zaidi unaongeza alama moja, labda isiongezeke hata hiyo. Kwa hiyo dakika tano za kuandika ziende kwenye shimo, si kwenye kilima. Na msitunge vihatarishi vya vitabuni, andikeni mnavyovijua. Mvua za masika zinanyesha Machi hadi Mei, na dagaa wasiokauka kwa siku hubadilika rangi na bei kushuka, ndiyo maana kuna maturubai 40. Upatikanaji wa dagaa hupungua mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa hiyo kikundi kitaweka akiba ya mapato ya siku za giza. Bei ya soko la Mwaloni Kirumba hupanda na kushuka, kwa hiyo stoo itawezesha kungoja. Kila kihatarishi kimeunganishwa na kitu ambacho tayari kipo kwenye bajeti au kisichohitaji fedha ya ruzuku, kwa hiyo hakuna tarakimu mpya iliyoingia.

Ratiba ya mbalamwezi ni kosa la kuvutia. Kwa mtu asiyelijua ziwa halionekani kabisa. Kwa mjumbe anayelijua, linasema waandishi hawajui kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mkubwa boti nyingi hupumzika kwa sababu taa hazivuti samaki ipasavyo. Zoezi la kukausha litakosa dagaa wa kukausha. Andiko zima linaweza kupoteza uzito wake hapo. Na dawa yake? Kwenye kiini kimoja cha ratiba, badala ya "wiki ya pili" andika "siku za giza, mwezi wa pili wa mradi". Hakuna fedha iliyoguswa. Kosa linaloonekana na mjuzi, linalotibiwa kwa maneno machache mahali pamoja, linastahili dakika yake moja hata kama wengine mezani hawaoni shida iko wapi. Nyie wanawake wa dagaa ndio mnaojua, msimwachie kijana wa kompyuta awaamulie kwamba ni jambo dogo.

Utangulizi usio na ladha unaachwa. Si kwamba ladha haina maana. Ila kuandika upya aya tatu kunahitaji kichwa kilichotulia, na aya mpya iliyoandikwa kwa haraka huleta takwimu mpya, madai mapya na ahadi mpya ambazo hazimo kwenye sehemu nyingine. Msomaji wa andiko lenye utangulizi wa kawaida anaendelea kusoma. Msomaji wa andiko ambalo utangulizi wake unaahidi vijiji vitatu na ratiba inataja kimoja anasimama. Vivyo hivyo na kubadilisha fonti, kupanga upya majedwali au kusogeza sehemu. Namba za kurasa zinahama, jedwali la 3 linakuwa la 4 huku maneno yakiendelea kusema "tazama jedwali la 3". Yaliyomo, kama mliyatengeneza kwa amri ya Word, bofyeni ndani, mbonyeze `F9`, mchague `Update page numbers only`. Yakileta ujumbe wa kosa, futeni ukurasa huo wote, isipokuwa kama wito unaudai. Andiko la kurasa kumi linasomeka bila yaliyomo.

Kuhusu watu kuzunguka meza kila mmoja na kosa lake, hapo kunahitajika utaratibu zaidi ya ushauri. Mtu mmoja tu aguse faili. Wengine wasome kwenye karatasi au kwenye simu, na wakiona kosa waliandike kwenye karatasi moja ya pamoja wakitaja ukurasa, wasimsemeshe anayechapa. Katibu asome karatasi hiyo, aweke alama kwa kila kosa: sasa, au baada. Neno lake liwe la mwisho kwa nusu saa hiyo, na hili likubaliwe siku moja kabla, watu wakiwa bado wanacheka, kwa sababu saa 10:40 hakuna anayekubali kunyimwa. Mkiwa na nakala mbili zinazorekebishwa kwenye kompyuta mbili, kuna uwezekano mkubwa wa kupakia ile isiyo sahihi. Jina la faili lisiwe "mwisho" wala "mwisho kabisa". Libebe muda wake, kwa mfano `Andiko_Dagaa_1642.pdf`, ili kila mtu ajue lipi jipya.

Saa 10:50 mkono unatoka kwenye Word. PDF inayopakiwa ifunguliwe mara ya mwisho kutoka ndani ya mfumo, si kutoka kwenye kompyuta, ili muone kile atakachoona ofisa. Mtazame vitu vitatu tu: ukurasa wa saini, jumla ya bajeti, na ukurasa wa mwisho upo. Bonyezeni. Ngojeni ujumbe wa kupokelewa au namba ya maombi, mpige picha ya skrini inayoonyesha saa. Kurasa zinazosema "inachakatwa" si uthibitisho. Kama uwasilishaji ni kwa barua pepe, kinachohesabiwa kwa kawaida ni muda iliofika kwao, na kiambatisho kizito huchelewa kuondoka kwenye intaneti dhaifu hata kama kwako kinaonekana kimetumwa.

Jambo dogo kuhusu saa: ikiwa wito unasema 17:00 GMT, kwa Mwanza ni saa 2 usiku, nanyi mna saa tatu za ziada. Hilo lithibitishwe mapema kwa kusoma wito. Msilichukulie kama tumaini mkiwa mmeshachelewa, kwa sababu wito usiotaja ukanda wa saa lazima muusome kwa saa iliyo kali zaidi kwenu.

Ile karatasi yenye makosa yaliyowekewa alama ya "baada" msiitupe. Kesho yake kaeni nayo mkiwa wawili, myagawe makosa hayo mafungu mawili. Yale ya lugha na mpangilio yarekebisheni kwenye nakala yenu ya Word, kwa sababu andiko hilo litatumika tena kwa mfadhili mwingine na hamtaki kurithi kasoro zilezile. Yale ya tarakimu au ya ahadi yaandalieni jibu fupi la maandishi, kila moja sentensi mbili: kosa ni hili, sahihi ni hili. Jopo likiuliza, mtajibu siku hiyohiyo. Na kama mtagundua kosa linalobadilisha kiasi mnachoomba, msisubiri kuulizwa. Angalieni kwanza wito unasema nini kuhusu masahihisho baada ya kufungwa, kisha mwandikieni mtu wa mawasiliano aliyetajwa humo, mkitaja namba ya maombi na kiini kilichokosewa, bila kuambatisha andiko jipya isipokuwa akiliomba.